Kufuli Lililoachwa na Kompyuta Iliyokufa

Ilikuwa tarehe 18 ya mwezi, siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya VAT, nilipoitwa kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro. Kompyuta iliyokuwa chumba cha nyuma, ambayo ndani yake kulikuwa na mashine pepe ya Windows, yaani kompyuta ya kuigizwa na programu ndani ya kompyuta halisi, yenye programu ya uhasibu, ilikuwa imezimika ghafla usiku na haikuwaka tena. Fundi wa jirani alikwisha kujaribu kubadili pawasaplai bila mafanikio, akahitimisha kwamba madabodi imekufa, na nilipojaribu mwenyewe sikuona sababu ya kumpinga. Diski ilikuwa salama. Niliichomoa, nikaifunga kwenye kompyuta nyingine ya dukani hapo iliyokuwa na Ubuntu na VMware Workstation, programu inayoendesha mashine pepe, nikafungua folda ya mashine pepe na kubonyeza kitufe cha kuwasha. Badala ya Windows ulitokea ujumbe huu:

```
The virtual machine appears to be in use.
If this virtual machine is not in use, press the
"Take Ownership" button to obtain ownership of it.
```

Maana yake ni kwamba mashine pepe hiyo inaonekana inatumika, na kama haitumiki, mtu abonyeze kitufe cha kuitwaa. Mhasibu aliyekuwa amesimama nyuma yangu aliuliza swali ambalo kila mtu angeuliza: "Inatumika na nani, fundi, wakati kompyuta yenyewe ipo hapo sakafuni imekufa?" Nilimjibu, "Hilo hasa ndilo tunalopaswa kulithibitisha, dada, kabla sijagusa kitu," akaniangalia kama mtu anayehisi kwamba fundi anatafuta namna ya kuongeza gharama. Makala hii ni jibu refu la swali lake. Tangu Novemba 2024, Workstation Pro ilipofanywa kuwa ya bure hata kwa matumizi ya kibiashara, ofisi ndogo zinazoendesha kazi zao muhimu juu yake zimekuwa nyingi, na karibu kila moja itakutana na ujumbe huu siku moja.

Ukifungua folda ya mashine pepe inayofanya kazi utaona, kando ya mafaili ya kawaida, folda ndogondogo zenye majina yanayoishia na `.lck`. Kila diski inayotumika huwa na yake, na faili la usanidi huwa na lake, na mara nyingi hata faili la kumbukumbu ya muda huwa nalo. Pale Morogoro orodha ilikuwa hivi:

```
$ find . -name '*.lck'
./hesabu.vmx.lck
./hesabu.vmx.lck/M04817.lck
./hesabu.vmdk.lck
./hesabu.vmdk.lck/M51290.lck
./hesabu-000001.vmdk.lck
./hesabu-000001.vmdk.lck/M33072.lck
```

Ndani ya kila folda mna faili dogo ambalo jina lake huanza na herufi M na kufuatiwa na tarakimu. Hilo ndilo kufuli lenyewe, na ni maandishi machache tu. Kati ya yaliyomo mna mambo mawili yanayotuhusu hapa: kitambulisho cha kompyuta iliyoliweka, na namba ya mchakato uliolishika pamoja na alama ya muda mchakato huo ulipoanza. Kwa maneno mengine kufuli hili halizuii kitu kwa nguvu zake. Ni tangazo lililobandikwa mlangoni, linalosema kwamba mchakato fulani, kwenye kompyuta fulani, ulioanza saa fulani, ndio unaoandika kwenye diski hii.

Ukishalielewa tangazo hilo, tabia ya programu baada ya ajali inaeleweka pia. Kompyuta ikizimika ghafla, mchakato hufa bila kupata nafasi ya kubandua tangazo lake. Kompyuta ileile ikiwaka tena, Workstation husoma kufuli, huona kwamba kitambulisho ni chake yenyewe, kisha huangalia kama mchakato wenye namba ile na muda ule wa kuanza upo hai. Usipokuwepo, kufuli hutupwa kimyakimya, na kwenye faili la `vmware.log` hubaki mstari wenye maneno `invalid executionID`. Ndiyo maana watu wengi hupitia kukatika kwa umeme mara kumi bila kuuona ujumbe wa Morogoro hata mara moja. Muda wa kuanza una kazi yake hapo, kwa sababu namba za michakato hurudiwa, na bila muda huo namba iliyokuwa ya mashine pepe jana ingeweza kuwa ya kivinjari leo, na kufuli likaonekana hai wakati mwenyewe alikwisha kufa.

Lakini diski ikihamishiwa kompyuta nyingine, uchunguzi huo hauwezekani tena. Kompyuta mpya inasoma kitambulisho kisicho chake, na haina njia ya kujua kama kompyuta ile nyingine ipo hai mahali fulani ikiendelea kuandika kwenye diski hiyo kupitia mtandao, au imelala sakafuni. Mazingira yakiwa ni folda ya pamoja ya mtandaoni, hali zote mbili zinawezekana kwa kiwango kilekile. Programu inasimama na kumuuliza binadamu, kwa sababu binadamu peke yake ndiye anayeweza kwenda kuangalia. Jambo hilohilo hutokea mtu akipiga upya mfumo wa kompyuta mwenyeji, ile halisi inayobeba mashine pepe, au akinakili folda ya mashine pepe kwenda diski ya nje wakati mashine inaendelea kufanya kazi, kwa kuwa nakala hubeba makufuli ya mwenye asili. Nakala ya namna hiyo ya pili, niseme kwa kupita, haina tatizo la kufuli tu. Ina tatizo la kuwa imechukuliwa huku diski ikiandikwa, na kuondoa kufuli hakutaiponya.

Ushauri unaozunguka kwa mafundi ni mfupi: futa folda zote za `.lck`, washa. Nami niliufuata kwa miaka kadhaa, na kwa kuwa mara nyingi ulifanya kazi, sikuwahi kujiuliza unafanya kazi kwa nini. Siku uliposhindikana ilikuwa kwenye ofisi nyingine ambayo sitaitaja. Huko kompyuta haikuzimika. Kilichoanguka ni skrini ya kazi ya Linux, iliyonirudisha kwenye ukurasa wa kuingiza nenosiri. Niliingia upya, nikafungua Workstation, nikaona mashine pepe inaonyeshwa kama imezimwa, nikabonyeza kuiwasha, nikapata ujumbe wa kufuli. Nikafuta `.lck` zote kama nilivyozoea. Iliwaka vizuri, nikaondoka.

Nisichokijua ni kwamba dirisha la Workstation na mashine pepe yenyewe ni michakato miwili tofauti. Dirisha linaweza kufa na mashine ikabaki hai, kwa sababu mashine huendeshwa na mchakato unaoitwa `vmware-vmx`, ambao hauhitaji dirisha ili uendelee. Mchakato ule haukuwa umekufa pamoja na skrini. Ulikuwa hai, umeishika diski, na wafanyakazi wa vyumba vya pili walikuwa wakiendelea kuingiza ankara kwenye hifadhidata yake bila kujua kwamba kuna lolote lililotokea. Kufuli lilikuwa linasema kweli kabisa, nami nililifuta na kuwasha mashine ya pili juu ya diski ileile. Kwenye Windows pengine ningeokolewa na mfumo wenyewe, ambao kwa kawaida hukataa kufungua faili ambalo programu nyingine imelishika kwa kuliandika. Linux haikatazi michakato miwili kufungua na kuandika faili moja, kwa hiyo lile tangazo la mlangoni ndilo lilikuwa ulinzi wa mwisho.

Uharibifu wa hali hiyo hutokea katika tabaka mbili. La kwanza ni ndani ya Windows, ambako kila moja ya mashine mbili huamini kwamba yenyewe ndiyo mmiliki pekee wa diski. Kila moja huweka kwenye kumbukumbu yake ramani ya nafasi zilizo wazi, na huandika juu ya nafasi ambayo mwenzake alikwisha kuijaza dakika moja kabla. La pili liko chini zaidi na watu wengi hawalijui. Diski ya `.vmdk` inayokua kadiri inavyojazwa hugawa nafasi zake katika vipande vya kilobaiti 64, na ina majedwali yanayoonyesha kila kipande kiko wapi ndani ya faili. Michakato miwili ikiongeza vipande vipya kwa wakati mmoja, yote miwili huweza kuchagua sehemu ileile ya mwisho wa faili, na jedwali la mmoja likafuta la mwingine. Hapo `chkdsk` haiwezi kurekebisha, kwa kuwa inafanya kazi juu ya diski ambayo msingi wake wenyewe umepinda. Ofisi ile ilirudi kwenye nakala rudufu ya siku nne nyuma, na ankara za siku hizo nne ziliingizwa upya kutoka kwenye vitabu vya risiti. Niliziingiza mimi.

Kwa hiyo pale Morogoro nilikuwa na swali moja tu mbele yangu: aliyeandika kufuli hili amekufa kweli? Kwa upande wa kompyuta ya zamani jibu lilikuwa rahisi, kwa sababu ilikuwa sakafuni bila waya wa umeme na bila diski. Ni ushahidi wa macho, na hakuna ushahidi bora zaidi. Kama diski ingekuwa kwenye hifadhi ya mtandao ningelazimika kwenda kwenye kila kompyuta inayoweza kuifikia, kwani kuangalia hapa nilipo hakusemi chochote kuhusu kule. Hata hivyo niliangalia pia kompyuta mpya, ambako mimi mwenyewe au programu ya nakala rudufu tungeweza kuwa tumeishika folda bila kukusudia:

```
ps -eo pid,lstart,args | grep '[v]mware-vmx'
sudo lsof +D /mnt/zamani/hesabu
```

Amri ya kwanza huorodhesha kila mashine pepe iliyo hai pamoja na saa ilipoanza, na mwishoni mwa mstari huonyesha njia ya faili la `.vmx` inaloliendesha. Ya pili huonyesha mchakato wowote uliofungua faili lolote ndani ya folda hiyo. Zote mbili zilirudi tupu. Kwenye kompyuta mwenyeji ya Windows ningetafuta `vmware-vmx.exe` katika Meneja wa Kazi. Kuna kipimo kimoja cha nyongeza kisichohitaji utaalamu wowote, nacho ni kuipigia mashine pepe `ping` kwa anwani yake ya mtandao. Ikijibu, kufuli si la marehemu, na jambo la kufanya ni kuizima kwa utaratibu kutoka ndani ya Windows yake, kisha kufuli litaondoka lenyewe. Siku ile ya ofisi nisiyoitaja, kipimo hicho cha sekunde tatu kingenitosha.

Kabla ya kugusa makufuli nilichukua nakala ya folda nzima. Niliiambatisha upya diski ya zamani kwa kusoma tu, kwa `mount -o ro`, ambayo bado huruhusu jarida la ext4 kukamilishwa baada ya kuzimika kwa ghafla lakini huzuia mtu kuandika chochote. Kisha nilinakili kwenye diski ya kompyuta mpya:

```
cp -a --sparse=always /mnt/zamani/hesabu /vm/
```

Zilikuwa gigabaiti 140 hivi na zilichukua chini ya nusu saa. Mhasibu aliona ni nusu saa iliyopotea. Kwangu ilikuwa ndiyo nusu saa pekee iliyonipa uhuru wa kukosea, kwa maana kazi yote iliyofuata niliifanya juu ya nakala, na asili ilibaki ilivyokuwa usiku ule ilipozimika, ikiwa na makufuli yake.

Kubonyeza kitufe cha kuitwaa mashine kungetosha katika hali nyepesi, na sina ugomvi na anayekibonyeza baada ya kuthibitisha. Mimi hupendelea kuyahamisha makufuli kwa mkono badala ya kuyafuta, kwa sababu yakiwa kando naweza bado kuyasoma endapo kitu hakitakwenda sawa:

```
cd /vm/hesabu
mkdir ../kufuli-zamani
mv *.lck ../kufuli-zamani/
```

Jicho linapaswa kuwa makini na herufi hapo. Nimewahi kumwona mtu akiondoa kila kitu kilichokuwa na neno `vmdk` kwa kudhani ni sehemu ya kufuli, wakati `hesabu.vmdk` ni diski na `hesabu.vmdk.lck` ni folda ya kufuli. Mafaili ya `.vmss` nayo si makufuli. Yakiwepo, huenda mashine ililazwa kwa makusudi na kumbukumbu yake yote imehifadhiwa humo, na kuyafuta ni sawa na kuing'oa waya wa umeme.

Kabla ya kuwasha nilihakiki mnyororo wa diski. Orodha ya makufuli ilikwisha kunionyesha kwamba ipo `hesabu-000001.vmdk`, maana yake mtu aliwahi kupiga picha ya hali ya mashine, na tangu siku hiyo maandishi yote mapya yanaingia kwenye faili hilo la mtoto huku `hesabu.vmdk` ikibaki mzazi asiyeguswa. Mtoto anamtambua mzazi wake kwa namba:

```
$ grep -a -m2 -HE '^(CID|parentCID)' hesabu.vmdk hesabu-000001.vmdk
hesabu.vmdk:CID=3f2a91c7
hesabu.vmdk:parentCID=ffffffff
hesabu-000001.vmdk:CID=8b04de15
hesabu-000001.vmdk:parentCID=3f2a91c7
```

Namba ya mzazi iliyoandikwa kwa mtoto inalingana na namba ya mzazi mwenyewe, na zile f nane humaanisha kwamba `hesabu.vmdk` ndiyo ya kwanza kabisa katika ukoo. Mnyororo ulikuwa mzima. Niliangalia pia kwamba faili la `.vmx` linaelekeza kwa mtoto. Baada ya hangaika za namna hii mtu huweza kuunda mashine mpya na kuichomekea `hesabu.vmdk` peke yake, akidhani ndiyo diski kamili. Windows itawaka, na kila mtu atafurahi mpaka aone kwamba hesabu zimeishia siku picha ilipopigwa. Baya zaidi ni kwamba kule kuwaka kwenyewe kumemwandika mzazi na kubadili namba yake, na mtoto mwenye kazi yote ya miezi ya karibuni hatamtambua tena. Ndiyo sababu hata kwa kujaribu tu sichomeki diski ya mzazi popote.

Nilipobonyeza kuwasha safari hii, Workstation iliuliza kama mashine imehamishwa au imenakiliwa. Kusema kweli ilikuwa imenakiliwa, lakini nilijibu kwamba imehamishwa, kwa sababu jibu la kunakiliwa huipa mashine kitambulisho kipya na anwani mpya ya kadi ya mtandao, na leseni ya programu ile ya uhasibu ilikuwa imefungwa kwenye anwani ya zamani. Ukijibu hivyo, hakikisha nakala zile mbili haziwashwi kamwe kwa pamoja kwenye mtandao mmoja.

Windows iliichukulia hali ile kama vile umeme ulikatika, jambo ambalo kwa mtazamo wake ndilo lililotokea. Niliendesha `chkdsk C:` bila kigezo cha kurekebisha, ili isome tu na kutoa taarifa, na haikutaja kasoro. Hifadhidata ya uhasibu ilitumia dakika kama mbili kurudisha miamala iliyokuwa haijakamilika, kisha ikafunguka. Hapo nikamwomba mhasibu atafute ankara ya mwisho aliyokumbuka kuiingiza jana yake jioni. Aliipata, na iliyoitangulia pia.

Kuna hali moja inayofanana na hii kwa sura ambayo ingeweza kunipotezea saa nzima, na huwapotezea wengi. Kuweka kufuli jipya ni kuunda folda na faili, kwa hiyo kompyuta isiyo na ruhusa ya kuandika mahali pale haiwezi kufungua mashine hata kama hakuna kufuli la zamani. Hutokea mafaili yaliyonakiliwa kwa `sudo` yakawa mali ya `root`, au diski ya NTFS iliyozimika vibaya ikaambatishwa na Linux kwa kusoma tu, au diski ya mwenyeji ikawa imejaa kabisa. Mtu anaendelea kutafuta `.lck` ambazo hazipo, na kujaribu tena na tena. Huwa naunda faili tupu kwa `touch jaribio` ndani ya folda hiyo, nikiwa mtumiaji yuleyule anayeendesha Workstation. Ikikataliwa, tatizo ni ruhusa au nafasi, na kufuli halihusiki. Na ikitokea umeyaondoa makufuli kisha yakarudi kabla hujabonyeza kitu chochote, acha hapohapo, kwa sababu kuna mchakato hai unaoyaandika na hujaupata bado.

Diski ya zamani niliifunga kwenye mfuko, nikaandika tarehe juu yake, nikamkabidhi mhasibu aifungie kabatini mpaka ritani ipite na nakala rudufu mpya ithibitishwe kuwa inafunguka. Aliniuliza kama sasa anaweza kuendelea kuingiza za leo. Nilimwambia aendelee, ila dirisha la Workstation likitoweka siku yoyote, anipigie simu kabla mtu yeyote hajafuta kitu.